Ncha Mbili za Gama: Jinsi Intigrali Inavyozaa Faktoriali

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa hisabati, Mombasa

Waheshimiwa walimu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mlioacha upepo wa Mama Ngina mkaja kukaa ukumbini pamoja nasi, asalamu alaikum, na karibuni nyote. Nimeombwa nizungumzie fankisheni ya gama, na hasa ile sifa yake inayoifanya ifanane na faktoriali. Wengi wenu mnaifahamu sifa hiyo, na baadhi yenu mnaifundisha. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye matokeo yenyewe, bali nitakaa mahali ambapo uthibitisho wake hubeba uzito. Vitabu vingi huuandika kwa mistari mitatu, na kati ya hiyo mitatu ule wa katikati, unaosema kwamba thamani za kwenye ncha ni sifuri, hupitwa haraka kana kwamba haukuandikwa. Nakusudia kuonyesha kwamba mstari huo ndio uthibitisho, na kwamba mingine miwili ni hesabu ya kawaida tu.

Tuanze na swali lililoizaa gama. Tarehe 13 Oktoba 1729 Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alimwandikia Christian Goldbach barua kuhusu zao 1·2·3···n. Zao hilo lina maana wazi n ikiwa 3 au 10, lakini je, ipo kanuni moja inayotoa faktoriali za nambari kamili na papo hapo ikatoa thamani ya maana n ikiwa nusu? Jibu la kwanza la Euler lilikuwa zao la sehemu zisizo na mwisho. Alipoweka nusu ndani yake alipata √π/2, yaani karibu 0.8862. Kuonekana kwa π kulimfanya ashuku kwamba kuna eneo la duara limejificha humo, na penye eneo pana intigrali. Katika barua ya tarehe 8 Januari 1730 akaileta intigrali yenyewe, ambayo kwa alama za leo tunaiandika hivi:

n! = ∫₀¹ (−ln s)ⁿ ds

Ukiweka s = e^(−t), basi s inaposhuka kutoka 1 hadi 0, t hupanda kutoka 0 na kuendelea bila mwisho. Alama ya kutoa inayotokana na ds = −e^(−t) dt hugeuza mpangilio wa mipaka, na hapo unapata ∫₀^∞ tⁿ e^(−t) dt. Mwanzoni mwa karne ya 19 Adrien-Marie Legendre aliipa fankisheni hii herufi Γ na kukisogeza kipeo nyuma hatua moja:

Γ(x) = ∫₀^∞ t^(x−1) e^(−t) dt

Kwa sababu ya hatua hiyo moja, Γ(n+1) ndiyo n!, wala si Γ(n). Wengi wameilalamikia, na mimi nilikuwa mmoja wao nilipokuwa mwanafunzi. Hata hivyo ina faida moja ambayo leo itatusaidia, nayo ni kwamba sharti la intigrali hii kuwa na thamani ni x > 0, bila nyongeza yoyote.

Sasa tuitazame intigrali hii kwa makini, maana si ya aina ile ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huionja anapotafuta eneo lililo chini ya grafu ya polinomia. Intigrali ya kawaida huhitaji mipaka miwili iliyo nambari halisi, na fankisheni isiyopaa kupita kiasi kati ya mipaka hiyo. Yetu inaweza kukosa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa juu haina mpaka. Kwa chini, ikiwa x ni ndogo kuliko 1, kipeo x−1 ni hasi, na t^(x−1) hupaa bila kizuizi t inapokaribia 0. Ndiyo maana huitwa intigrali isiyo ya kawaida, na alama ya ∞ tunayoiandika juu yake ni ufupisho tu wa maelezo marefu zaidi.

Maelezo hayo marefu ni haya. Fikirini mpimaji aliyepewa kiwanja kilicho ufukweni, ambacho upande mmoja hakuna ajuaye maji yanakomea wapi hasa. Hawezi kusimama majini akapima. Atakita kigingi mahali pakavu, apime hadi hapo, kisha akisogeze kigingi kuelekea majini kidogo kidogo, huku akitazama kama jumla ya eneo inatulia kwenye thamani moja au inazidi kukua. Nasi tunakita vigingi viwili, a upande wa chini na b upande wa juu, 0 < a < b. Tunahesabu intigrali ya kawaida kutoka a hadi b, ambayo haina tatizo lolote, kisha tunaisukuma a kuelekea 0 na b kuelekea kusiko na mwisho, kila moja kwa wakati wake. Vikomo vyote viwili vikiwepo, jumla yake ndiyo Γ(x). Kimoja kisipokuwepo, hakuna Γ(x) kwa maana hii, hata kama kile kingine ni kizuri namna gani. Kosa la kwanza ninaloliona kwenye karatasi za wanafunzi ni kuandika ∞ mahali pa t ndani ya fomula, wakapata ∞ mara 0, kisha wakachagua jibu linalowapendeza.

Ncha ya chini ni rahisi kuichunguza. Kati ya 0 na 1, e^(−t) iko baina ya 1/e na 1, kwa hiyo haiongezi wala haipunguzi jambo la maana, na tabia yote inaamuliwa na t^(x−1). Intigrali ya t^(x−1) kutoka a hadi 1 ni (1 − a^x)/x. Ikiwa x ni chanya, a^x huenda kwenye 0 na eneo hutulia kwenye 1/x. Ikiwa x ni 0, intigrali hiyo inakuwa −ln a, ambayo hukua bila mpaka a inapopungua. Ikiwa x ni hasi, a^x yenyewe hukua bila mpaka, na kwa kasi zaidi. Mpaka wa x > 0 umetoka hapa, kwenye ncha ya chini, wala hauna uhusiano wowote na ncha ya juu.

Kwenye ncha ya juu tunahitaji kujua kwamba e^t huishinda kila nguvu ya t. Wengi hulisema hili kwa kauli tupu, ilhali sababu yake ni fupi. Mfululizo wa e^t ni 1 + t + t²/2! + t³/3! na kuendelea, na t ikiwa chanya, kila istilahi humo ni chanya. Kwa hiyo e^t ni kubwa kuliko istilahi yoyote moja utakayoichagua, kwa mfano tⁿ/n!. Ukigeuza, unapata

e^(−t) < n!/tⁿ

kwa kila t > 0 na kila nambari kamili n. Kumbukeni kutolingana huku, maana tutakutumia mara mbili. Kwanza, t^(x−1) e^(−t) ni ndogo kuliko n! · t^(x−1−n), na ukichagua n isiyopungua x+1, basi kwa t zote kuanzia 1 na kupanda inakuwa si zaidi ya n!/t². Eneo lililo chini ya 1/t² kutoka 1 na kuendelea bila mwisho ni 1 tu, kwa hiyo eneo letu haliwezi kuzidi n!. Ncha ya juu, inayowatisha wanafunzi kwa alama yake ya ∞, haina shida kwa x yoyote, iwe chanya au hasi.

Sasa tufike kwenye njia ya mafungu. Inatokana na kanuni ya kutafuta derivativu ya zao la fankisheni mbili: ukiintigrali pande zote za kanuni hiyo, unapata kwamba intigrali ya u·dv ni thamani ya u·v kwenye mipaka, kutoa intigrali ya v·du. Tuitumie kwenye Γ(x+1), ambayo ndani yake mna t^x e^(−t). Tunachagua u = t^x, kwa sababu derivativu yake, x·t^(x−1), inakishusha kipeo hatua moja, na tunachagua dv = e^(−t) dt, kwa sababu ukiiintigrali hubaki vilevile isipokuwa alama: v = −e^(−t). Na tufanye hivyo kati ya vigingi, wala si kati ya 0 na ∞:

∫ₐᵇ t^x e^(−t) dt = a^x e^(−a) − b^x e^(−b) + x ∫ₐᵇ t^(x−1) e^(−t) dt

Hadi hapa hakuna aliyechukua kikomo chochote. Mlinganyo huu ni sahihi kwa kila a na b chanya na kwa kila x, iwe chanya, sifuri au hasi, na ukitaka unaweza kuuhakiki kwa kikokotoo. Yote tunayotaka kuyajua kuhusu gama yamo ndani yake, na kinachobaki ni kuuliza zile istilahi mbili za ncha zinafanya nini vigingi vikisogezwa.

Ile ya b haina ugumu. Kwa kutolingana kwetu, b^x e^(−b) ni ndogo kuliko n! · b^(x−n), na ukichagua n kubwa kuliko x, kipeo ni hasi na istilahi nzima inakwenda kwenye 0. Hii ndiyo mara ya pili niliyowaahidi. Ile ya a ndiyo yenye uamuzi: e^(−a) inakwenda kwenye 1, kwa hiyo a^x e^(−a) inakwenda kokote inakokwenda a^x. Ikiwa x ni chanya, inakwenda kwenye 0. Kwa sharti hilo tu, istilahi zote mbili za ncha zinatoweka, intigrali ya kushoto inakuwa Γ(x+1), ya kulia inakuwa Γ(x), na tunabaki na

Γ(x+1) = x·Γ(x), kwa x > 0.

Tukianza na Γ(1), ambayo ni intigrali ya e^(−t) peke yake na thamani yake ni 1, tunapata Γ(2) = 1, Γ(3) = 2·1, Γ(4) = 3·2·1, na kuendelea hadi Γ(n+1) = n!. Hata 0! = 1, ambayo wanafunzi huiona kama amri isiyo na sababu, inapata eneo lake hapa: ni eneo lote lililo chini ya e^(−t).

Ningependa tuone istilahi ya b ikitoweka kwa nambari, badala ya kuambiwa tu kwamba inatoweka. Tuchukue 3!, na kigingi cha juu tukikite kwenye 10. Kwa chini tunaweza kuanzia 0 bila woga, kwa kuwa kipeo ni 3. Tukitumia njia ya mafungu mara tatu na kumalizia kwa kuiintigrali e^(−t), kila hatua inaacha salio lake kwenye b = 10. Hatua ya kwanza inaacha 1000·e^(−10), karibu 0.0454. Ya pili inaacha 3·100·e^(−10), karibu 0.0136. Ya tatu inaacha 6·10·e^(−10), karibu 0.0027, na ya mwisho 6·e^(−10), karibu 0.0003. Jumla ya masalio ni karibu 0.0620, kwa hiyo intigrali kutoka 0 hadi 10 ni karibu 5.938, wala si 6. Aliyekata kwenye 10 hakukosea hesabu. Ana deni la 0.0620 tu, na tunajua deni hilo limetoka wapi hadi senti ya mwisho. Tazameni pia kwamba salio la kwanza, lenye kipeo kikubwa, ndilo zito kuliko mengine yote yakijumlishwa. Kadiri x inavyokuwa kubwa, ndivyo kigingi cha juu kinavyohitaji kupelekwa mbali.

Kwa nambari kamili, basi, ncha ya chini imekaa kimya. Inaanza kusema tunapoingia kwenye nusu, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Γ(½) ni intigrali ya t^(−½) e^(−t). Ukiweka t = s², basi dt = 2s ds, na ile 1/s inayotokana na t^(−½) inafutana na s, ukabaki na mara mbili ya intigrali ya e^(−s²) kutoka 0 na kuendelea. Thamani ya intigrali hiyo inajulikana kwa hila maarufu ya kuizidisha kwa yenyewe: upeo mzima, kutoka hasi hadi chanya, ukizidishwa hivyo unakuwa intigrali ya e^(−r²) juu ya bapa lote. Kwa kutumia umbali r na pembe unapata 2π mara ½, yaani π. Kwa hiyo Γ(½) = √π, karibu 1.77245. Kwa sifa yetu, Γ(3/2) = ½·√π, karibu 0.8862, ileile nambari aliyoipata Euler. Mkitaka kwenda mbele, Γ(7/2) ni 5/2 · 3/2 · ½ · √π, karibu 3.3234, nayo inakaa vizuri kati ya Γ(3) = 2 na Γ(4) = 6.

Mwalimu mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja jina, alinionyesha jaribio lake la kuipata Γ(½) kwa jedwali la kompyuta. Alijua kwamba hawezi kuanzia 0, maana fankisheni haina thamani hapo, kwa hiyo alianzia 0.01 na kuishia 10, akagawa eneo katika vipande vyembamba sana na kuvijumlisha. Alipata 1.5731. Jibu la kweli ni 1.7725, na tofauti ya karibu 0.2 si ndogo hata kidogo. Kama ambavyo wengi wetu tungefanya, alishuku ncha ya juu, akakisogeza kigingi kutoka 10 hadi 100. Jibu likabaki 1.5731, bila hata tarakimu moja kati ya hizo kubadilika.

Mlinganyo wetu unaeleza kilichotokea. Kipande kilichoachwa juu ya 10 ni karibu 0.000014 tu, kwa hiyo kukiongeza hakuonekani kwenye desimali nne. Kipande kilichoachwa chini ya 0.01 ni karibu mara mbili ya kipeuo cha pili cha 0.01, yaani karibu 0.2, na kwa usahihi zaidi 0.1993. Akitaka kosa la ncha hiyo lisizidi 0.001, itabidi aanzie 0.00000025, na huko vipande vyake havitakuwa vyembamba tena ukivilinganisha na mwinuko wa grafu. Hiyo ndiyo dalili ya kumjulisha mtu ni ncha ipi yenye tatizo: sogeza kigingi kimoja kwa wakati, na tazama ni kipi kinacholitikisa jibu.

Njia ya mafungu inatoa dawa pia. Γ(½) ni sawa na 2·Γ(3/2), kwa hiyo badala ya kuintigrali t^(−½) e^(−t) tunaweza kuintigrali t^(½) e^(−t) na kuzidisha kwa 2. Fankisheni hii mpya huanza kwenye 0 kwa utulivu. Kwa vigingi vilevile, 0.01 na 10, inatoa karibu 1.7708, na kosa limeshuka kutoka 0.1993 hadi karibu 0.0016. Kosa kubwa limekwenda wapi? Limekwenda kwenye istilahi ya ncha. Ukiandika mlinganyo wetu kwa x = ½ na kuugawa kwa ½, istilahi ya chini ni 2·√a·e^(−a), ambayo kwa a = 0.01 ni 0.1980. Katika 0.1993 iliyokosekana, 0.1980 ilikuwa imekaa kwenye istilahi hiyo ambayo vitabu hutuambia ni sifuri. Ni sifuri kweli kwenye kikomo, lakini hukifikia kikomo hicho kwa mwendo wa √a, na √a ni mwendo wa kobe. Tukihamia Γ(3/2) tunakuwa tumekichukua kikomo hicho kwa mkono, kabla kompyuta haijaguswa. Dawa hiyo ina gharama yake ndogo: kwa kuwa kipeo kimepanda, kipande kilichoachwa juu ya 10 kimekua kutoka 0.000014 hadi karibu 0.0003. Lakini ncha ya juu hulipwa kwa urahisi, kwa kukisogeza kigingi hadi 20.

Mwanafunzi mmoja amenipa karatasi kabla hatujaanza, akiuliza: kama Γ(x+1) = x·Γ(x), kwa nini tusiweke x = 0, tupate Γ(1) = 0·Γ(0) = 0, ilhali tunajua Γ(1) ni 1? Namshukuru, kwa sababu swali hili linapima kama uthibitisho umeeleweka au umekaririwa. Rudini kwenye mlinganyo wenye vigingi na muweke x = 0. Istilahi ya mwisho inazidishwa kwa 0, na kati ya a na b intigrali yake ni nambari halisi, kwa hiyo zao ni 0 kweli, bila utata. Istilahi ya a ni a⁰·e^(−a), yaani e^(−a), na hiyo inakwenda kwenye 1, wala si kwenye 0. Istilahi ya b inatoweka. Jumla ni 1, kama inavyopaswa. Kwa x chanya, ile 1 ilikuwa imebebwa na x·Γ(x); kwa x = 0 imehamia yote kwenye istilahi ya ncha. Aliyeifuta istilahi hiyo kwa mazoea ndiye aliyeifuta 1.

Na x ikiwa hasi? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Intigrali yenyewe, kama tulivyoona, haina thamani, kwa kuwa ncha ya chini inakua bila mpaka. Lakini mlinganyo Γ(x) = Γ(x+1)/x unaweza kusomwa kinyumenyume kama tafsiri mpya: kwa x kati ya −1 na 0, upande wa kulia una maana, kwa kuwa x+1 ni chanya. Kwa njia hiyo Γ(−½) ni Γ(½) ikigawanywa kwa −½, yaani −2√π. Ukiandika `import math` kisha `math.gamma(-0.5)` katika lugha ya Python utapata −3.5449 na tarakimu zinazofuata, ndiyo −2√π hiyo hiyo. Sasa t^(−3/2) e^(−t) ni chanya kila mahali. Hakuna eneo la fankisheni chanya linaloweza kuwa hasi, kwa hiyo alama ya kutoa ni ushahidi tosha kwamba nambari hii si thamani ya intigrali ya awali.

Je, basi ni thamani ya nini? Hapo njia ya mafungu inatoa jibu ninalolipenda kuliko mengine yote katika somo hili. Tatizo la ncha ya chini linatokana na e^(−t) kuwa karibu na 1 pale t inapokuwa karibu na 0. Tuiondoe hiyo 1, na kuintigrali t^(x−1)·(e^(−t) − 1) kwa x kati ya −1 na 0. Safari hii tuchague v = t^x/x, na u = e^(−t) − 1, ambayo derivativu yake ni −e^(−t). Kwenye ncha ya chini, e^(−t) − 1 ni karibu −t, kwa hiyo u·v ni karibu −t^(x+1)/x, na kwa kuwa x+1 ni chanya, inakwenda kwenye 0. Kwenye ncha ya juu, e^(−t) − 1 inakwenda kwenye −1, lakini t^x ina kipeo hasi na inakwenda kwenye 0, kwa hiyo u·v nayo inatoweka. Kinachobaki ni

∫₀^∞ t^(x−1) (e^(−t) − 1) dt = (1/x) ∫₀^∞ t^x e^(−t) dt = Γ(x+1)/x

ambayo ndiyo Γ(x) kwa tafsiri mpya. Na sasa alama ya kutoa haishangazi: e^(−t) − 1 ni hasi kwa kila t chanya, kwa hiyo eneo lake lazima liwe hasi. Kwa x kati ya −2 na −1, tunaondoa istilahi mbili, 1 na −t, na hoja inajirudia neno kwa neno.

Nambari inayobaki nje ni 0 yenyewe, pamoja na −1, −2 na wenzake. Karibu na 0, kwa kuwa Γ(x+1) iko karibu na 1, Γ(x) hufuata 1/x: Γ(0.01) ni karibu 99.43, na Γ(−0.01) ni karibu −100.59. Sababu yake inaonekana kwenye ncha zilezile. Ukiiacha 1 mahali pake, fankisheni unayointigrali karibu na 0 ni kama 1/t, na ncha ya chini inakua bila mpaka. Ukiiondoa, ncha ya chini inatulia, lakini mbali upande wa juu fankisheni inakuwa kama −1/t, na sasa ncha hiyo ndiyo inayoshuka bila mpaka. Kwa x chanya ile 1 inavumilika kwenye ncha ya chini, na kwa x iliyo kati ya −1 na 0 kutokuwepo kwake kunavumilika kwenye ncha ya juu; kwa x = 0, hakuna mahali pa kuiweka.